Barua ya kuombea kazi ya msaidizi wa mkata paterni: mkono mmoja wa blauzi unatosha

Barua nyingi za wahitimu zinazofika mezani kwangu huanza vilevile: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Mstari wa pili unasema mwombaji amependa mitindo tangu utotoni, wa tatu unasema ni mchapakazi asiyehitaji kusimamiwa. Nafika mwisho wa ukurasa sijui kama binti huyu amewahi kushika karatasi ya paterni. Nafungua jalada lake la kazi, nakuta michoro ya wanamitindo wenye shingo za twiga na picha za nguo zilizokwisha kushonwa. Paterni hakuna hata moja.

Mwongozo huu ni wa mhitimu ambaye kazi anazo, ila hajui aziwekeje kwenye barua ya ukurasa mmoja. Ushauri wangu ni kuchagua kazi moja tu kutoka kwenye jalada, ile iliyokushinda kwanza kisha ukaiweza, na kuieleza kwa vipimo. Nyingine zitajitetea zenyewe humo jaladani.

Kwanza, jua anayesoma anaogopa nini

Anayekuajiri kama msaidizi hatafuti mbunifu. Anatafuta mtu wa kumwachia kunakili paterni kwenye kadibodi, kuongeza nafasi ya mshono, kuandika maelezo juu ya kila kipande, kukata sampuli za majaribio za kitambaa cha marekani, na kuhakikisha kingo mbili zitakazoshonwa pamoja zina urefu unaolingana. Ni kazi ndogondogo, na hofu yake imo humohumo katika udogo.

Chukua sketi ya vipande vinne. Ina mishono minne ya wima, na kila mshono una kingo mbili, kwa hiyo kingo nane. Msaidizi akinakili kwa kalamu nene na kutoka nje ya mstari kwa milimita tatu tu kila ukingo, sketi inaongezeka milimita 24. Kwenye viwanda vinavyoacha sentimita nne kati ya saizi na saizi, hiyo ni zaidi ya nusu saizi, na hakuna aliyekusudia. Nguo inashonwa, inavalishwa, inapwaya, na lawama zinamrudia mkata paterni aliyechora sawasawa.

Kwa hiyo anaposoma barua yako anajiuliza kama mkono wako ni mwangalifu, na kama ukiona tatizo kwenye kitambaa utajua ulitafute wapi kwenye karatasi. "Mimi ni mwangalifu" haimjibu. Kila mtu anaandika hivyo, hata yule mwenye kalamu nene.

Pili, tandaza kazi zako zote sakafuni

Usiandike chochote bado. Toa paterni, sampuli na picha, uzitandaze kwa makundi: kila nguo na karatasi zake. Halafu tafuta nguo yenye vitu vitatu kwa pamoja, yaani mchoro au picha uliyoanzia, paterni yenyewe, na sampuli ya kwanza iliyokuwa na kasoro. Ukikuta na sampuli ya pili iliyorekebishwa, hiyo ndiyo kazi yako.

Wengi huchagua nguo iliyosifiwa kwenye maonyesho ya chuo. Mara nyingi si chaguo zuri, maana gauni lenye mapambo mengi huficha paterni. Chini ya shanga na lesi huwezi kuonyesha mshono umekaaje. Blauzi ya kawaida yenye mkono ulioshonewa begani, suruali iliyokuwa ikivuta mapajani, kola iliyogoma kulala, hizo ndizo zinazomfanya mkata paterni asogeze kiti. Matatizo hayo anakutana nayo kila wiki.

Na kama sampuli zenye kasoro ulizitupa kwa aibu? Hutokea, hata mimi nilizitupa. Paterni ya zamani ikiwepo, kata tena kwa marekani, shona kwa mshono mrefu, piga picha kasoro. Ni kazi ya siku moja.

Tatu, pima upya kabla ya kuandika tarakimu

Hapa ndipo barua nzuri huharibika. Mwombaji mmoja aliniandikia kwamba kichwa cha mkono wa koti lake, ile sehemu ya juu iliyopinda inayoingia begani, kilizidi kwapa, yaani ukingo wa mwili wa nguo unaoshonewa mkono, kwa karibu sentimita sita, naye akakipunguza. Alipokuja na karatasi nikapima, nikapata ziada isiyofika nne, ambayo kwa koti la sufu isingehitaji kuguswa. Alikuwa amepima ukingo wa kukatia badala ya mstari wa kushonea.

Tofauti inatoka hivi. Kichwa cha mkono kimebinuka kwenda nje, kwa hiyo ukiongeza nafasi ya mshono ya sentimita moja, ukingo unakuwa mrefu kuliko mstari wa kushonea. Kwapa la mwili limebonyea kwenda ndani, kwa hiyo nafasi hiyohiyo inaufanya ukingo uwe mfupi. Ukipima kingo, kimoja kinadanganya kwa kuongeza na kingine kwa kupunguza, na tofauti inaonekana kubwa kuliko ilivyo kwa sentimita mbili au zaidi.

Kwa hiyo pima kwenye mstari wa kushonea. Simamisha tepu kwa ubavu wake ili ifuate mkunjo, usiilaze bapa. Anzia mshono wa bega ushuke mpaka mshono wa kwapa, mbele na nyuma mbalimbali, kisha ujumlishe. Rudia mara mbili. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya milimita mbili, pima mara ya tatu. Andika majibu kwa penseli juu ya paterni yenyewe na tarehe, maana hizi ndizo tarakimu zitakazoingia kwenye barua, na siku ya usaili kuna mtu atazipima.

Nne, andika aya ya kazi hiyo moja

Aya hii ndiyo barua. Zilizobaki ni salamu. Ipe mambo manne kwa mfuatano huu: nguo gani na kitambaa gani, kitambaa kilionyesha nini, karatasi ilisema nini ulipopima, na ulibadilisha nini mpaka ikawaje.

Tuseme aya ya kwanza ilikuwa hivi:

*"Katika jalada langu kuna blauzi niliyoibuni na kuishona mwenyewe. Nilikumbana na changamoto kwenye mikono lakini kwa juhudi na ubunifu nilifanikiwa kuitatua, jambo lililonijengea uwezo mkubwa."*

Msomaji hajaambiwa chochote. Changamoto gani? Mkono ulikuwa mfupi, ulibana, uligeuka? "Juhudi" ni mkasi au ni kalamu? Sasa aya hiyohiyo, baada ya kupima:

*"Ukurasa wa 4 ni mkono wa blauzi ya pamba. Sampuli ya kwanza ilijaa mikunjo kuzunguka kichwa cha mkono. Nilipopima mstari wa kushonea, kwapa lilikuwa sm 43 na kichwa cha mkono sm 47, ziada ya sm 4 ambayo pamba iliyofumwa kwa kubana haikuweza kuimeza. Nilipunguza kimo cha kichwa kutoka sm 14 hadi 13, nikapunguza upana wa mkono sm 0.8 kila upande. Kichwa kikawa sm 44.5, ziada ya sm 1.5, na sampuli ya pili ikakaa bila mikunjo."*

Maneno yameongezeka kidogo, ila sasa msomaji anaweza kukukagua. Atatoa 43 kwenye 47 kichwani, atatoa tena 43 kwenye 44.5, hesabu itakubali. Atajiuliza kama kushusha kimo sentimita moja na kukata upana kidogo kunaweza kweli kufupisha mkunjo huo kwa sentimita mbili na nusu, na anayejua mikono ataona kwamba inawezekana. Kufika hapo ameshakuwa anazungumza nawe kikazi.

Angalia pia neno "pamba iliyofumwa kwa kubana". Ziada ya sentimita nne peke yake si kosa. Sufu ya koti huweza kufinywa kwa pasi ya mvuke ikameza ziada kubwa bila kuonyesha. Pamba nyembamba ya blauzi haikubali, inakunja. Mhitimu anayetaja kitambaa ndani ya sentensi ya kipimo anaonyesha kwamba anajua karatasi peke yake haiamui.

Kuna swali ambalo fundi atakuuliza, na ni vizuri ulijibu kabla hajauliza: ulipopunguza kimo cha kichwa, urefu wa mkono ulikwenda wapi? Ukikata juu, mkono unafupika kwa sentimita moja kutoka begani hadi kifundoni. Ukipandisha mstari wa upana, ule unaokatisha mkono usawa wa kwapa, badala yake, urefu wa nje unabaki, ila mshono wa ndani, kutoka kwapani hadi kifundoni, unarefuka kwa sentimita moja. Sema ulifanya lipi. Nusu sentensi inatosha.

Halafu taja kilichobaki kibaya. Najua inasikika ajabu kwenye barua ya kujinadi. Lakini kila rekebisho la paterni linachukua hapa na kuweka pale, na anayedai halikumgharimu kitu ama hakuangalia ama anaficha. Katika mfano wetu upana wa mkono ulitoka sm 34 ukawa 32.4. Kwa mwanamitindo mwenye mkono wa mzunguko wa sm 28.5 nafasi iliyobaki ni sm 3.9. Inavalika, ila si ya kujidai. Iandike.

Tano, sema ukweli kuhusu kazi ya kikundi na kompyuta

Mkusanyo wa mwisho chuoni mara nyingi ni wa watu watatu au wanne, na kwenye majalada yao yote kila mmoja "alitengeneza" koti lilelile. Mimi nimewahi kupokea koti moja kutoka kwa waombaji wawili wiki moja. Wote wawili niliwauliza nani aliyechora kola. Mmoja alijibu kabla sijamaliza swali, mwingine akaanza kueleza historia ya kikundi.

Taja vipande: "Katika koti la ukurasa wa 6 nilikata mgongo, mkono wa vipande viwili na bitana, kola na mifuko zilikatwa na mwenzangu." Bitana ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa, na ndiyo maana ukisema ulikata bitana naamini na yaliyobaki.

Kwa kompyuta, andika jina la programu kama linavyosomeka kwenye skrini, AccuMark, Modaris au nyingineyo, na useme ulifika wapi. Kuingiza vipande vya karatasi kwenye kompyuta ni jambo moja, kuandaa kanuni za kupanua na kupunguza saizi ni jingine, kupanga vipande juu ya kitambaa ili kisipotee ni la tatu. "Nina ujuzi wa AccuMark" haisemi ni lipi kati ya hayo. Ukiwa uliona tu mwalimu akionyesha, usiitaje. Siku ya kwanza utakalishwa mbele yake.

Sita, iunge barua yote

Barua kamili inaweza kuwa hivi. Vipimo ni vya blauzi ya mfano. Weka vyako, maana siku ya usaili ni karatasi yako itakayopimwa.

> YAH: OMBI LA KAZI YA MSAIDIZI WA MKATA PATERNI
>
> Nimehitimu mwaka huu stashahada ya utengenezaji wa mavazi, na naomba nafasi ya msaidizi mliyoitangaza. Nimeambatisha jalada la kurasa nane. Mkiwa na muda wa ukurasa mmoja tu, naomba mfungue wa 4.
>
> Huo ni mkono wa blauzi ya pamba niliyoichora kutoka bloku ya saizi ya kati. Sampuli ya kwanza, ya marekani, ilijaa mikunjo kuzunguka kichwa cha mkono. Nilipopima mstari wa kushonea, kwapa lilikuwa sm 43 na kichwa sm 47, ziada ambayo pamba hii haikuweza kuimeza. Nilipunguza kimo cha kichwa kutoka sm 14 hadi 13 kwa kupandisha mstari wa upana, ili urefu wa nje usibadilike, kisha nikapunguza upana sm 0.8 kila upande na kuziweka upya nochi zote. Kichwa kikawa sm 44.5 na sampuli ya pili ikakaa bila mikunjo. Upana uliobaki, sm 32.4, unampa mwanamitindo wetu mwenye mkono wa sm 28.5 nafasi ndogo kuliko niliyoitaka. Ningeianza upya ningelipanua kwapa la mwili kwanza.
>
> Ukurasa wa 6 ni koti la kikundi. Nilikata mgongo, mkono wa vipande viwili na bitana; kola na mifuko ni kazi ya mwenzangu. Kurasa za 7 na 8 ni paterni zilizokamilika za sketi na suruali, zenye nafasi za mshono, mwelekeo wa uzi, nochi na idadi ya vipande vya kukata. Sketi niliiingiza kwenye AccuMark mwenyewe. Kanuni za saizi niliziandaa chini ya usimamizi na bado sijaziandaa peke yangu.
>
> Naweza kuanza mara moja, na nitakuja na paterni zenyewe pamoja na sampuli zote mbili za blauzi mkiniita.
>
> Wako mwaminifu,
> (jina na namba ya simu)

Sentensi ile ya "ningeianza upya ningelipanua kwapa la mwili kwanza" ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inaonyesha kwamba bado anaifikiria kazi hiyo, na kwamba anajua njia ya pili. Usiiandike kama huwezi kuieleza, kwa sababu nitakuuliza: utalipanua kwa kulishusha chini au kwa kuliingiza kifuani? Ukilishusha sana, mkono ukiinuliwa nguo nzima inapanda nao.

Nochi nazo usizisahau, na ndiyo sababu nimeziingiza kwenye barua. Ni vile vikato vidogo vya ukingoni vinavyomwambia mshonaji wapi kikutane na wapi. Ukifupisha kichwa cha mkono ukaacha nochi zilipokuwa, mshonaji atazifuata kwa uaminifu, na mkono utageukia mbele au nyuma. Kasoro ya kwanza umeiondoa, umeleta ya pili.

Saba, hakikisha ukurasa wa 4 una kile barua inachosema

Barua ikitaja kipimo, picha ikionyeshe. Laza paterni mezani, iwe bapa, weka rula ya sentimita pembeni yake, piga picha ukiwa umesimama moja kwa moja juu yake. Ukiipiga kwa mshazari, mkunjo uliouchora vizuri utaonekana umevunjika, na msomaji hatajua kosa ni la simu au la kwako. Weka paterni ya kwanza na ya pili juu ya ukurasa mmoja, moja kwa mstari mwekundu na nyingine kwa mweusi, zikilingana kwenye mstari wa katikati ya mkono. Mabadiliko yataonekana bila maelezo. Pembeni weka picha za sampuli mbili, zimevalishwa mwili uleule na kupigwa upande uleule.

Ukichora upya kwa udogo, nusu au robo ya ukubwa halisi, andika kipimo hicho kwenye kona, na tarakimu zibaki za ukubwa halisi. Nimewahi kuona mkono wa sentimita 16 kimo kizima nikadhani ni wa mwanasesere.

Tuma faili moja la PDF lenye barua mbele na jalada nyuma yake, ili visipotezane, na ulipe jina linaloeleweka, mfano `jina-lako-paterni.pdf`. Kisha lifungue kwenye simu ya mtu mwingine. Kama tarakimu za penseli hazisomeki humo, zipitie kwa kalamu nyembamba upige picha upya.

Ukiitwa, njoo na karatasi ikiwa imeviringishwa, isikunjwe. Paterni iliyokunjwa hupata mistari, na tepu juu ya mstari wa mkunjo hudanganya milimita kadhaa. Njoo na tepu yako pia, ileile uliyopimia. Tepu za kitambaa hurefuka kwa matumizi, na nikitumia yangu tukapata tofauti, jambo la kwanza utakaloniomba ni tuzilaze mbili hizo sambamba tuone ipi iliyorefuka.